Uhakiki wa majibu ya zoezi
Habari zenu, walimu. Tafadhali msifungue majibu yaliyoandaliwa awali kabla ya kukokotoa kila swali wenyewe na kuandika hatua, maana ukishaliona jibu, hesabu yako hulifuata. Tazameni swali la 7: bei imepandishwa 25%, kisha ikapunguzwa 20%. Majibu ya awali yanasema imeongezeka 5%, ila wawili wetu tumepata kwamba haijabadilika. Hapa hatupigi kura, tunajaribu kwa 100. Inapanda hadi 125, na 20% ya 125 ni 25, kwa hiyo inarudi 100. Ile 5% imetokana na kutoa 20 kwenye 25, ilhali punguzo linahesabiwa kwenye bei mpya. Swali likisomeka kwa namna mbili, tutarekebisha swali lenyewe. Tumeni hatua zenu, hata pale mlipolingana.