Cheti cha ulinzi wa mtoto cha chapchap, na kwa nini kozi yetu inakula nusu siku

Lawama ni ileile kila mara, eti tunachaji sana na kozi yetu inakula nusu siku wakati kuna ya onlaini unabofyabofya dakika ishirini cheti hicho unaprinti. Sawa, ipo. Ila ngoja niwaeleze mteja mmoja.

Ni shirika dogo la hisani, watu wao wa kujitolea wanasaidia watoto masomo ya jioni. Waliona bei yetu kubwa wakaenda kwenye ile ya haraka, na hata hiyo hawakuifanya wenyewe, mtu mmoja wa ofisini alikaa na laptopu akawajibia wote, anabadilisha jina tu. Mkaguzi wa mfadhili alipofungua faili akaona vyeti vimetoka usiku mmoja vinapishana dakika chache. Akawaita mmojammoja, swali moja tu: mtoto anataka kukwambia jambo baya analofanyiwa nyumbani, ila kwanza umuahidi hutamwambia mtu, utafanyaje? Karibu wote walisema wangemuahidi ili asiogope. Mwingine akasema angemwita mzazi wayamalize.

Jamani, hapo ndipo penyewe. Huwezi kumuahidi siri kwa sababu lazima umfikishie mratibu wa ulinzi wa mtoto, ukivunja ahadi huyo mtoto hafunguki tena. Unamwambia kwa upole kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia. Na ukimwita mzazi bila kujua nani anatuhumiwa, unaweza kuwa umempa taarifa mhusika mwenyewe, mtoto anarudi nyumbani kunyamazishwa.

Watu wale walisimamishwa kukaa na watoto mpaka wafunzwe upya, shirika likalipa mara mbili.

Kwetu kila mtu anaigiza hayo mazungumzo halafu anaandika ripoti, na ripoti tunasoma moja moja, pesa yenu inaenda hapo. Makosa ni yaleyale. Mtu anaandika "amenyanyaswa" badala ya maneno aliyosema mtoto, au anauliza "ni mjomba, eti?" yaani anamwekea jibu mdomoni, na baadaye wachunguzi hawajui kipi cha mtoto na kipi chako. Uliza "ikawaje?" basi, andika siku ileile, weka tarehe, saa na saini, uchunguzi waachie wenyewe. Anayekosea anarudia, hata akinuna.

Kuna aliyekasirika pia kwamba shule imekataa cheti chetu. Alichukua ngazi ya msingi kumbe anaajiriwa awe mratibu, ambaye anahitaji mafunzo ya kupokea ripoti na kuamua zipelekwe wapi. Kwa hiyo kabla hujalipa tutumie maelezo ya kazi yako na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na iulize shule wanataka mafunzo yarudiwe baada ya muda gani maana kila mahali wana utaratibu wao. Na cheti hiki hakichukui nafasi ya hati ya polisi ya tabia njema, wakiomba zote mbili peleka zote mbili.