Kwa Nini Televisheni Inakwama Hata Baada ya Kupewa Kipaumbele Kwenye Ruta

Wateja wengi wanaotupigia kuhusu filamu inayosimamasimama nyakati za jioni tayari wameshafungua ukurasa wa ruta, wakaikuta televisheni kwenye orodha ya vifaa, wakaiwekea alama ya kipaumbele, na hawakuona tofauti yoyote. Hawakukosea kuweka alama hiyo. Tatizo ni kwamba alama peke yake haina kazi mpaka ruta iambiwe jambo la pili, nalo ni kasi halisi ya laini ya nyumbani, na sehemu hiyo ndiyo ambayo huachwa wazi au hujazwa tarakimu isiyofaa.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kujua kipaumbele ni kitu gani hasa. Ruta haiongezi kasi ya intaneti hata kidogo. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na inachoweza kufanya ruta ni kuamua pakiti ipi ipite kwanza pale ambapo pakiti ni nyingi kuliko njia, yaani pale penye foleni, na inaweza kuipanga foleni hiyo ikiwa tu foleni yenyewe imesimama ndani ya ruta. Kwa kawaida haisimami humo. Ruta huzungumza na modemu kwa waya wenye kasi kubwa kuliko ya laini inayotoka nje, kwa hiyo humwaga kila kitu upesi, na pakiti hurundikana mbele zaidi, ndani ya modemu au kwenye mitambo ya mtoa huduma. Huko hakuna anayejua kwamba televisheni yako ilipewa kipaumbele, na aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa.

Dawa yake inawashangaza wengi: ni kuiamuru ruta ipitishe kidogo chini ya kile ambacho laini inaweza kubeba. Ruta ikiwa ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote katika safari nzima, foleni hurudi ndani yake, na hapo kipaumbele ulichoweka hupata cha kupanga.

Tuchukue nyumba moja tuliyoihudumia, yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 5 za kupakia. Filamu ya ubora wa kawaida wa juu, ule wa mistari 1080, huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka palikuwa na nafasi ya kutosha kwa televisheni na simu mbili za watoto. Hata hivyo kila jioni picha ilififia, kisha ikaganda. Tulianza kwa kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya na kupima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwa amri hii ambayo kwenye Windows hutuma pakiti 30:

```
ping -n 30 8.8.8.8
```

Kwenye Mac au Linux, `-n` hubadilishwa kuwa `-c`. Nyumba ikiwa kimya, jibu lilirudi kwa milisekunde 22 hivi. Tulimwomba mwenye nyumba aanze kutuma video kutoka kwenye simu yake kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, tukaipima tena, na sasa jibu lilichukua zaidi ya milisekunde 900. Hakuna aliyekuwa akipakua chochote kikubwa. Aliyeziba njia alikuwa ni yule anayepakia.

Hapa ndipo watu hutuuliza, na wana haki ya kuuliza, kupakia kunaihusuje televisheni ambayo kazi yake ni kupokea tu. Inahusika kwa njia mbili. Televisheni haimiminiwi filamu kama maji ya bomba. Huiomba kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa cha sekunde chache, na kila ombi hutoka nje kupitia njia ya kupakia. Isitoshe, kila inapopokea pakiti hutuma taarifa za kuthibitisha kwamba imezipata, na seva hupunguza mwendo taarifa hizo zikichelewa. Sasa fikiria modemu ambayo nafasi yake ya kusubirishia pakiti ni megabaiti 1 tu, ambayo ni megabiti 8. Ikijaa, kwa njia ya megabiti 5 kwa sekunde, pakiti inayofika mwishoni husubiri sekunde 1.6 kabla ya kutoka. Ombi dogo la televisheni linasimama nyuma ya video ya harusi ya jirani inayopanda taratibu, na seva huko mbali inadhani laini imekuwa mbovu.

Katika ukurasa wa ruta, ambao hufunguliwa kwa anwani kama `192.168.0.1` au `192.168.1.1` kulingana na iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, tuliwasha sehemu iitwayo `QoS`. Kwenye ruta nyingine sehemu hiyo huitwa `Bandwidth Control` au `Traffic Control`. Kabla ya kuijaza tulipima kasi mara tatu kwa waya, mara moja mchana na mara mbili jioni, na tukashika kipimo cha chini zaidi badala ya kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Kilikuwa karibu sana na 20 na 5, tukakitoa asilimia 10, tukabaki na 18 za kupakua na 4.5 za kupakia. Ndipo tukaiwekea televisheni alama. Tuliporudia kipimo kile kile huku video ikipakiwa, jibu lilirudi chini ya milisekunde 50, na filamu ikaendelea kwa ubora wake. Video ya mwenye nyumba nayo ilimaliza kupanda, ikiwa imechelewa kidogo tu.

Angalieni kipimo kinachotumiwa na ruta yenu. Nyingi huandika `Kbps`, na hapo megabiti 18 ni 18000, na 4.5 ni 4500. Tumewahi kuitwa nyumba ambayo intaneti "ilikufa kabisa" kwa sababu mtu alijaza 18 kwenye kisanduku cha `Kbps`. Ruta ilitii ilichoambiwa.

Asilimia 10 si sheria. Upande wa kupakia ruta ina mamlaka kamili, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayotuma, kwa hiyo asilimia 5 mara nyingi hutosha. Upande wa kupakua ruta hupokea kile ambacho tayari kimeshasafiri, na njia yake ya kuwapunguza mwendo watumaji ni kuchelewesha au kutupa baadhi ya pakiti ili wao wenyewe wahisi msongamano. Udhibiti wa namna hiyo hauna usahihi mkubwa, na asilimia 15 wakati mwingine ndiyo inayoleta utulivu. Punguzeni kidogo kidogo huku mkitazama kipimo cha `ping`, na mkomee pale ambapo muda wa kurudi hauruki tena nyumba ikiwa na shughuli.

Sehemu nyingine inayopoteza kazi nzuri ni kukipa kipaumbele kifaa kisichohusika. Ruta hukitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kiungo chake cha mtandao, na televisheni ina anwani mbili, moja ya waya na nyingine ya waifai. Ukiipa kipaumbele ile ya waifai kisha ukachomeka waya wiki ijayo, kwa ruta hicho ni kifaa kigeni. Vilevile, kama filamu huchezwa na kijiti au kisanduku kilichochomekwa nyuma ya televisheni, anayepakua ni hicho kijiti au kisanduku, na televisheni ni kioo tu. Wanaorusha filamu kutoka kwenye simu hudhani simu ndiyo ya kupewa kipaumbele. Kwa kawaida simu hutoa agizo tu, na kijiti huenda kuichukua filamu chenyewe moja kwa moja kutoka mtandaoni. Hali hubadilika mtu anapoakisi skrini nzima ya simu, kwani hapo simu ndiyo inayopakua.

Kuna pia ruta ambazo kipaumbele chake huwa na muda, kwa mfano saa moja, mbili au nne, isipokuwa mtumiaji achague `Always`. Mteja huona kila kitu kinakwenda vizuri usiku wa kwanza, kisha kesho yake anatupigia.

Kosa gumu zaidi kuligundua liko katika nyumba zenye vifaa viwili: kisanduku cha mtoa huduma, na ruta ya mteja iliyounganishwa nyuma yake. Ikiwa kisanduku cha kwanza bado kinarusha waifai yake na nusu ya familia imeunganishwa huko, ruta ya pili haiwaoni kabisa na haiwezi kuwazuia. Itaipanga televisheni kwa uangalifu mkubwa mbele ya watu ambao hawamo katika foleni yake. Zimeni waifai ya kisanduku, wote wapite mlango mmoja, ndipo mpime.

Na ikiwa baada ya yote haya `ping` ya kompyuta iliyounganishwa kwa waya ni tulivu lakini televisheni bado inakwama, basi foleni haiko kwenye laini. Iko hewani, kati ya ruta na televisheni. Kipaumbele tulichokieleza hapa hakigusi sehemu hiyo. Ihamisheni televisheni kutoka masafa ya gigahezi 2.4 hadi 5 kama haiko mbali na ruta, au, jambo tunalolipendelea zaidi, ivutieni waya. Tundu la waya la televisheni nyingi huishia megabiti 100 kwa sekunde, jambo ambalo huwafanya wengine walidharau, ilhali filamu ya 4K huhitaji takriban 15 hadi 25.

Kwa wenye ruta zilizo na sehemu ya `SQM`, ambayo huipanga foleni yenyewe, ushauri wetu ni tofauti: jazeni kasi mbili tulizozieleza, mchague njia ya kupanga foleni iitwayo `cake` ikiwamo, na msiipe televisheni kipaumbele chochote kwanza. Mfumo huo hugawa zamu kwa haki kati ya mikondo, na katika nyumba nyingi tunazohudumia hilo hutosha bila mtu mmoja kupendelewa.

Wenye laini za megabiti mia kadhaa wapime kasi tena baada ya kuwasha `QoS`, kwa kuwa ruta nyingi za zamani huacha njia yao ya mkato ya kupitisha pakiti na kuanza kuzikagua moja moja, kazi inayozidi uwezo wa kichakata chao. Kasi ikishuka sana, zimeni. Laini pana kiasi hicho ni nadra ijae kwa upakuaji wa nyumbani. Wanaotumia ruta za laini ya simu ya mkononi wana shida ya namna nyingine, kwani kasi yao hupanda na kushuka ndani ya saa moja na tarakimu isiyobadilika haiwezi kuifuata. Kwao tunajaza kasi ya saa mbovu zaidi ya jioni, na tunawaeleza wazi kwamba mchana watakuwa wanaacha sehemu ya kasi bila kuitumia.

Mwenye nyumba ile ya megabiti 20 alitupigia tena miezi kadhaa baadaye, akilalamika kwamba amehamia kifurushi cha 50 na mtoa huduma hampi kitu. Tulimwomba afungue ukurasa wa ruta na kutusomea kilichoandikwa kwenye kisanduku cha kupakua. Kilikuwa bado 18000.