Mteja wetu ni nani: someni kabla ya kikao cha Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Rasimu ya mteja wa huduma yetu ya ushauri wa kilimo kwa SMS inasema tu "mkulima mdogo, ana kitochi". Haitoshi kuandikia ujumbe hata mmoja.

Napendekeza tumwite Mama Shamba, mtu wa kubuni, wa Mbozi, ekari moja na nusu ya mahindi. Laini imesajiliwa kwa jina la mumewe na simu anatembea nayo mume. Kwa hiyo ujumbe wa saa nne asubuhi unasomwa kijiweni, na anayeweka mbolea hauoni. Tutume jioni, simu ikiwa nyumbani. Na tusiulize "una simu?", tuulize "nani anaishika mchana?"

Pili, herufi 160 ndizo SMS moja. Zikizidi, mtandao unaikata vipande na sisi tunalipia kila kipande. Vilevile Mama Shamba hana mzani, kwa hiyo kilo kwa ekari hazimsaidii akiwa shambani. Mfano unaoingia:

"Mahindi yakifika magotini weka urea kizibo 1 cha soda kila shina, upana wa kiganja kutoka shinani. Udongo uwe na unyevu. Fukia."

Oneni hakuna tarehe: mvua ikichelewa, tarehe inampotosha, magoti hayampotoshi.

Umri na elimu yake mtajaza wenyewe, sioni vikibadilisha kitu. Ila anayesomewa ujumbe na mtoto wa shule tumwandike kama mteja wa pili. Nani anamchukua huyo?