Barua kwa mwanangu: usihame kabla hujapiga hesabu ya mwenye nyumba

Mwanangu Salim,

Assalam alaikum. Sisi huku Lamu wazima alhamdulillahi, mvua tu ndo imetushika, na babako goti lile lile.

Nimeisoma meseji yako ya juzi, kwamba msimamizi wa ploti kakwambia kuanzia mwezi wa saba kodi inatoka 12,000 inakua 13,500, na wewe umeshakasirika unaulizia pikapu ya kuhamia Muyeye, mtaa mwengine hapo hapo Malindi. Ngoja kwanza. Mimi mamako nna vyumba vya kupangisha hapa Langoni tangu nyie wadogo, kwa hivo nakwandikia kama mama na pia kama mwenye nyumba, maana najua vizuri yule mzee mwenye ploti anafikiria nini akikaa kwake usiku na kikalkuleta.

Kitu kinachomtisha mwenye nyumba si kodi ndogo, ni nyumba tupu. Hesabu hii ifanye na kalamu mwenyewe. Wewe ukihama kwa sababu ya hiyo 1,500, yeye atatafuta mtu mwengine. Tuseme amekaa miezi miwili bila mtu, na mwezi wa tano huu na wa sita hapo Malindi unajua hali yake, baada ya Pasaka mahoteli mengi yanapunguza watu na wengine wanarudi kwao, hakuna anayekimbilia nyumba mpya. Miezi miwili kwa kodi ya sasa ni 24,000 imekwenda. Apake rangi, abadilishe kitasa na mfereji wa jikoni uliooza kwa maji ya chumvi, weka 10,000. Jumla 34,000. Sasa yule mpangaji mpya wa 13,500 anamuongezea 1,500 tu kwa mwezi kuliko wewe, kwa hivo kurudisha ile 34,000 inamchukua miezi kama 23, karibu miaka miwili, na hapo ni kama huyo mpya atalipa. Sijaweka hata pesa ya dalali.

Geuza upande wa pili sasa. Akikupunguzia 1,000, ukalipa 11,000, anapoteza 12,000 kwa mwaka mzima, ambayo ni sawasawa na kodi anayopata saa hii kwa mwezi mmoja. Yani kukupunguzia elfu moja kunamgharimu mwezi mmoja wa nyumba tupu, basi. Ndo maana unaweza kuomba ipungue hata yeye alipokua anataka kupandisha, si ujeuri, hesabu inakubali.

Lakini hiyo hesabu usimsomee yeye usoni! Mzee wa watu ukimwambia nikiondoka utapata hasara hivi na hivi, ataona unamtishia na atakwambia hama basi, hata kama inamuuma. Ibaki kichwani mwako ikupe moyo. Wewe peleka ile ambayo yeye hawezi kuibishia, nayo ni jinsi ulivolipa.

Na hapa usiende na maneno matupu ya "mzee unajua mimi nalipa vizuri", kila mpangaji anasema hivo, hata yule wangu wa chumba cha nyuma aliyenidai nimpe siku mbili kila mwezi kwa mwaka mzima. Toa statimenti ya M-Pesa, halafu chukua karatasi moja uandike mwezi, tarehe uliyolipa, kiasi, na ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu inayokuja na meseji ya M-Pesa. Mistari 24, miaka yako miwili hapo. Usiufiche ule mwezi wa pili uliochelewa, uandike na useme ulimpigia simu kabla tarehe haijafika ukalipa tarehe 11 kama ulivomuahidi. Kwangu mimi mpangaji aliyechelewa mara moja akanipigia mwenyewe namuamini kuliko ambaye hajawahi kuchelewa, sababu nishajua siku akikwama atafanya nini. Ongeza na yale ambayo hayako kwenye M-Pesa lakini yeye anayajua: hujawahi kuleta kelele, ule mfereji wa nje ulitengeneza kwa pesa yako, na ulipoona tanki linavuja ulimuita msimamizi kabla ukuta haujalowa.

Kabla hujaenda, zunguka kidogo. Nyumba ya vyumba viwili kama yako hapo Ngala na kule Muyeye zinakwenda vipi, uliza kama mpangaji kweli, ingia ndani uone. Ulinganishe za aina moja lakini. Ukimtajia nyumba ya 10,000 ambayo haina tanki na iko ndani kwenye mchanga ambako pikipiki inasukumwa, atakucheka na atakua na haki. Na hapo hapo kwenye ploti yenu tazama ngapi ziko tupu, uliniambia mbili zimefungwa tangu Pasaka. Hizo mbili ndo zinakusemea. Akikwambia "watu wengi wanaitaka nyumba hiyo", usimbishie, wewe unajua zile mbili zimekaa, na yeye anajua unajua.

Msimamizi usijadiliane naye, yeye ni mtu wa kuleta ujumbe, hana mamlaka ya kushusha hata mia, na ukimwambia yako yote yatafika yakiwa yamepinda. Usijadiliane kwa WhatsApp pia, kwa simu neno hapana ni rahisi sana kuandika. Mtumie mzee kitu kifupi cha heshima, mfano:

"Shikamoo mzee. Ujumbe wa kodi ya mwezi wa saba nimeupata. Naomba nije nikuone tuongee kidogo kuhusu nyumba kabla mwezi haujaisha. Jumamosi baada ya alasiri wasemaje?"

Basi. Bei usiitaje hapo. Na uwe umeshalipa ya mwezi huu, mtu hajadili akiwa na deni.

Ukifika, salimia, uliza hali za nyumbani, kunywa hiyo kahawa, usikimbilie. Halafu mwambie unapenda kukaa, mshahara wa hoteli msimu huu umepungua, 13,500 hutaiweza kwa uaminifu na hutaki kuanza kumpa ahadi za uongo, kisha mpe ile karatasi aisome mwenyewe. Nyamaza akisoma, mwanangu, wewe una tabia ya kujaza kimya kwa maneno na ukianza hivo utajishusha bei mwenyewe. Omba 10,500 ujue unalenga 11,000. Akisema haiwezekani, muulize ni lipi linawezekana. Akikwambia "nipe siku mbili nifikirie" au "wewe ulikua unataka ngapi hasa", ujue mlango uko wazi, usirudi kumsumbua siku hiyo hiyo.

Pengine atakataa kushuka kabisa atasema ibaki 12,000. Hapo usiondoke mkono mtupu, kuna mengine yenye thamani ambayo kwake ni rahisi kuyatoa kuliko pesa. Kwako wewe ningeomba haya: kodi isipandishwe mpaka mwezi wa saba mwaka ujao, tarehe ya kulipa isogee kutoka 5 iwe 10 kwa sababu hoteli yenu inachelewa kulipa mshahara, na lile tanki litengenezwe. Kutopanda peke yake kunakuokolea 18,000 kwa mwaka ukilinganisha na anachotaka sasa.

Ataweza kukwambia lipa miezi mitatu mbele nikupunguzie. Mimi mwenyewe huwa natoa hiyo na ni nzuri kwa mwenye nyumba, kwako ifikirie mara mbili. Ile nyumba ikiuzwa au wakianza ugomvi wa mirathi, na Malindi mambo hayo yapo, pesa yako ya mbele itakua kizungumkuti. Ukikubali iwe mwezi mmoja wa ziada, na risiti inayosema ni ya mwezi gani.

Mkikubaliana, siku hiyo hiyo andika kwa karatasi, nakala mbili, saini zenu na shahidi mmoja: kodi mpya kiasi gani, inaanza lini, haibadiliki mpaka lini, inalipwa tarehe ngapi, tanki litatengenezwa kabla ya lini. Na dipoziti, hii watu wanaisahau! Wewe ulitoa 12,000, kodi ikiwa 11,000 karatasi iseme dipoziti iliyoko ni 12,000, la sivyo siku ya kutoka utarudishiwa kumi na moja na hakuna atakayekumbuka.

Rafiki yako aliyekwambia umpeleke kwenye baraza la kodi za nyumba hajui sheria. Ile sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, inashika nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, yako haimo. Wewe unakaa mwezi kwa mwezi, anachotakiwa ni kukupa notisi isiyopungua mwezi, kwa hivo nguvu yako iko kwenye ile karatasi na zile nyumba mbili tupu. Shangazi yako wa duka ndo mwenye kinga, nyumba za biashara zina Sura 301, pale kama hana mkataba wa maandishi mwenye jengo hawezi kumpandishia bila notisi rasmi ya miezi miwili, na yeye anaweza kupinga kwenye baraza lao. Mwambie, juzi alikua analia.

Na kama mzee atashikilia 13,500 kabisa? Basi piga hesabu yako pia kabla ya kupakia godoro. Pikapu, dipoziti mpya ya 11,000 kabla hujarudishiwa ya zamani, dalali, siku za kazi utakazopoteza. Ile nyumba ya Muyeye ya 11,000 inakuokolea 2,500 kwa mwezi, kama kuhama kutakugharimu 15,000 zinarudi ndani ya miezi sita, hapo nenda na dua zangu. Lakini akishuka mpaka 12,000 na karatasi ya mwaka mzima, kaa. Tofauti ya elfu moja haitoshi kukuhamisha, na usimwambie kamwe kwamba unahama kama hujaamua kuhama, maana akikuitikia "haya" utakua umejifungia nje mwenyewe.

Hiyo karatasi ya mistari 24 ukimaliza kuiandika ipige picha unitumie niione kabla ya Jumamosi, mwandiko wako naujua. Na Mwanaisha anasema ule mkoba wake bado uko kwako, mpe mtu wa basi la Mokowe auteremshe.

Mamako