Zuhali Haina Haraka ya Ijumaa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

MINT: KUREJESHEWA SH 24,500 NILIZOTOZWA NA MNAJIMU WENU

Mwezi uliopita nililipa Sh 800 kwa Paybill yenu nisomewe nyota, yangu na ya mume wangu. Hizo sizidai, nilitaka kusomewa, nikasomewa. Nadai nilizotuma baadaye kwa laini ya mnajimu mwenyewe.

Aliuliza kuliko alivyosoma. “Baba watoto siku hizi si huilaza simu kifudifudi?” Nikamjibu huku nalia, na dakika 10 baadaye akanirudishia maneno yangu mwenyewe kana kwamba ameyaona nyotani. Kisha akasema sayari ya Zuhali imekaa kwenye nyumba yangu ya ndoa. Nisipovaa pete ya yakuti ya buluu kabla ya Ijumaa, talaka. Nikatuma 9,500, pete ikaja na bodaboda. Siku ya tatu jambo likawa zito zaidi: kafara ya siku 41, Sh 45,000. Nilikuwa na 15,000 za chama, nikatuma. Akanionya nisimwambie mtu, hata dada yangu, kafara itaharibika.

Nyanya yangu alikuwa akipigiwa falaki, kwa hiyo sibishani kama nyota zina neno. Nabishana na hiyo Ijumaa. Zuhali hulizunguka jua kwa miaka 29 na zaidi, na katika buruji moja hukaa karibu miaka 2 na nusu. Kama ndiyo inayonisumbua, Ijumaa na Jumatatu kwake ni mamoja. Mwenye haraka alikuwa mwenye laini.

Pete niliipeleka kwa sonara Mji wa Kale. Akaitia lenzi, akanionyesha viputo vya hewa, viduara vidogo ndani ya jiwe. Kioo kitupu. Dada yangu naye akawapigia kwa jina la uongo na tarehe ya kuzaliwa ya uongo, na hajaolewa. Akapewa mnajimu yuleyule, akaambiwa: Zuhali, nyumba ya ndoa, yakuti, kabla ya Ijumaa.

Nilipokataa kumalizia zile 30,000 nilipata ujumbe: “Kafara iliyokatwa katikati huwarudia watoto.” Usiku ule sikulala, na aliyeuandika alijua sitalala.

Ofisi yenu ilinijibu kwamba wanajimu wanajitegemea. Lakini laini yake alinipa ndani ya simu mliyoniunganisha nyinyi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumweleza mteja uongo ili anunue. Nataka pesa zirudi ndani ya siku 14, mtu huyo aondolewe, na kila mteja aambiwe kabla ya kuunganishwa kwamba anayeomba malipo nje ya Paybill akatiwe simu.

Nimeambatisha jumbe za M-Pesa na ule wa kafara. Pete ninayo mimi. Mkitaka kuikagua, njooni na sonara wenu.

Mteja wenu,
Kisauni.