Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Mradi wa Maji, Nyakach

Ndugu wanachama,

Bomba la sokoni lilirekebishwa, kioski cha pili kilifunguliwa, bili za stima zililipwa. Hayo mliyaona wenyewe.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wangu wa Januari. Nilikataa kumsimamisha mweka hazina, nikakabidhi vitabu kwa mwalimu mstaafu wa hapa kijijini kwa posho ya shilingi 4,000. Nimesemwa sana kwamba namkingia mtu kifua. Leo naomba msikilize.

Kitabu cha fedha kilifunga Desemba kikionyesha taslimu 186,400 na benki 9,250. Ikavumishwa kwamba mweka hazina analala na pesa za maji nyumbani. Kamati ya ukaguzi ilikuwa imejumlisha, ikapata 195,650 na kupitisha. Lakini jumla hiyo haibadiliki hata safu mbili zikibadilishana nafasi.

Mwalimu hakuanza na jumla. Alifuata kila Jumatatu, siku tunayopeleka benki mauzo ya wiki. Tangu Julai, kila pesa zilipopelekwa, kitabu kilisema taslimu imeongezeka na benki imepungua, kinyume kabisa cha slipu za benki. Kisha akanionyesha kwa kidole: nambari za hundi zimekaa upande wa taslimu, na mishahara ya wauza maji, ambayo hulipwa mkononi, iko upande wa benki. Kumbe kitabu kipya tulichonunua Julai kimechapishwa benki kwanza, taslimu baadaye. Karani aliendelea na mpangilio wa kitabu cha zamani, hata salio alilohamisha akaliandika hivyo hivyo.

Hapo bado mwalimu hakuridhika. Taarifa ya benki ya Desemba ilionyesha 198,400. Zile 12,000 zilizozidi ni hundi ya fundi wa pampu, ambayo alikuwa hajaipeleka benki. Ukizitoa, unabaki na 186,400. Na fomu ya kuhesabu sanduku, iliyotiwa saini na wanakamati watatu siku ya kufunga mwaka, ina 9,250.

Kwa hivyo pesa zilizoandikwa zote zipo. Kama kila jerikeni iliyouzwa iliandikwa, hilo ni jambo lingine: linahitaji usomaji wa mita za kioski ulinganishwe na mauzo, na mwalimu alisema hivyo wazi. Nimeagiza mita zisomwe kila jioni. Kama ningemfukuza mweka hazina siku ile, tungemwaibisha mtu asiye na hatia mbele ya watoto wake.

Linaloniuma ni kwamba waliopiga kelele hawakuja kusikia matokeo. Kati ya wanachama 112, walihudhuria 23. Waliolipa ada ya mwaka ni 41, na madeni yamefika 35,500. Tunatumaini mwaka huu, Mungu akijalia, kupata tangi kubwa zaidi, lakini haliwezi kununuliwa kwa ada za watu 41.

Mwenyekiti