Kabla ya kununua mukuna au lablabu, ng'oa mche wa nyanya utazame mizizi

Wakulima wengi wa mboga wanaochukua miche kwetu hapa Busia, mashariki mwa Uganda, wana kipande kisichozidi robo ekari, na kipande hicho hakipumziki. Mvua za Machi ni nyanya, mvua za Agosti ni kabichi, kiangazi ni sukuma wiki ya kumwagilia kwa jerikani, kisha nyanya tena. Miaka ya mwanzo mambo huenda vizuri. Baadaye mteja anaanza kutueleza kwamba mbolea anaongeza lakini nyanya zinazidi kuwa ndogo, na kwamba akimwagilia asubuhi, ikifika saa nane mchana udongo umekauka na kufanya ukoko juu. Wengi hutaka tuwauzie yuria zaidi.

Udongo wa namna hiyo umeishiwa mabaki ya mimea. Kila kinachoota hung'olewa, majani hupelekewa ng'ombe au huchomwa, na jembe hupita kila msimu. Pasipo kitu kinachooza ndani yake, udongo hauwezi kushika maji, na yuria unayoweka huyeyuka ikashuka na mvua mahali ambapo mizizi haifiki. Kazi ya mukuna na lablabu, mimea jamii ya kunde inayopandwa ili ikatwe na kurudishwa udongoni, ni kurudisha mabaki hayo, na pamoja nayo naitrojeni ambayo bakteria wa kwenye mizizi yake huichukua hewani. Upande huu wa nchi mimea hii si migeni: miaka ya 1990 watafiti waliijaribu pamoja na wakulima wa mahindi na maharagwe huko Ikulwe, ambako wakati huo kulikuwa wilaya ya Iganga.

Mteja akija kutaka mbegu, swali letu la kwanza ni hali ya mizizi ya zao lililopo shambani. Chimba nyanya mbili tatu zilizodumaa, usizivute kwa nguvu maana mizizi midogo itakatika ikabaki chini. Zisukesuke kwenye ndoo ya maji. Ukikuta mizizi imevimba vifundo kama shanga, na ukijaribu kukibandua kifundo hakitoki kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba, hapo una minyoofundo. Ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoishi ndani ya mzizi na kuuzuia kunyonya maji. Nyanya yenye minyoofundo hunyauka mchana wa jua na kuamka jioni, na majani yake huwa ya njano hata ukiijaza mbolea.

Jibu la ndoo hiyo ndilo linaloamua mbegu. Mukuna huwapunguza minyoofundo, kwa sababu wakiingia kwenye mizizi yake hawazaliani vizuri. Lablabu ni kinyume: ni chakula chao. Ukipanda lablabu kwenye kipande chenye vifundo utapata majani mengi ya kupendeza juu, huku chini ukiwafuga wale wale watakaoshambulia nyanya zako msimu ujao. Kwa hiyo penye vifundo tunauza mukuna peke yake. Mizizi ikiwa safi, na hasa kama una ng'ombe au mbuzi, lablabu inafaa sana: huvumilia ukame, hukatwa ikachipua tena, na majani yake machanga ni mboga.

Tahadhari moja: vinundu vya bakteria wazuri kwenye mizizi ya mukuna, lablabu au maharagwe visikutishe. Hivyo hubanduka kwa ukucha, na ukikikata kimoja ndani huwa na rangi ya waridi. Rangi hiyo ni dalili kwamba naitrojeni inatengenezwa. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, bado hakijaanza kazi au kimekwisha.

Nieleze jinsi mama mmoja mteja wetu alivyofanya, kwa kuwa shamba lake linafanana na ya wengi. Ana robo ekari, yaani kama mita za mraba 1,000, na nyanya zake zilikuwa na vifundo upande mmoja. Hakuweza kuacha shamba zima msimu mzima, ana karo za kulipa, nasi hatukumshauri hivyo. Alitenga nusu yenye ugonjwa, nusu nyingine akaendelea na sukuma wiki.

Alipanda mukuna mwanzoni mwa Aprili udongo ulipokuwa umelowa vizuri. Mistari iliachana futi mbili na nusu, shimo hadi shimo futi moja, mbegu moja kila shimo, kina cha vidole viwili. Mbegu ya mukuna ni kubwa, kwa hiyo nusu ile ilichukua kilo mbili na nusu hivi. Alipalilia mara mbili katika wiki sita za mwanzo. Hapo ndipo wengi huzembea wakidhani mmea huu hujitegemea tangu siku ya kwanza. Ukishafunika ardhi ndiyo hujitegemea, na magugu chini yake hukosa jua. Kazi iliyobaki ni kupita pembeni na panga kukata kamba zinazotambaa, kwani mukuna hupanda juu ya chochote: migomba, mihogo, ua la jirani.

Mwishoni mwa Julai maua ya zambarau yalianza kuning'inia na maganda machache machanga kutokea. Huo ndio wakati wa kukata. Ukikata mapema zaidi, mabaki ni machache na huoza yakaisha upesi. Ukichelewa hadi maganda yakomae, naitrojeni imehamia kwenye mbegu na shina limekuwa gumu kama kuni. Bakteria wanaoozesha kitu kigumu hivyo huanza kwa kula naitrojeni ya udongoni, na kabichi uliyopanda juu yake hugeuka njano wiki za kwanza. Njano hiyo huanzia majani ya chini.

Alikata kwa panga usawa wa ardhi, akakatakata vipande vya urefu wa kiganja, akaviacha juu siku mbili tatu vinyauke, kisha akafukia kwa jembe kina cha inchi nne hadi sita. Hakuchimba zaidi ya hapo, maana ukizika chini sana mabaki hukosa hewa na kuvunda badala ya kuoza. Mwenye udongo wa kichanga au shamba la mteremko tunamwambia asifukie kabisa, aache kama matandazo na kutoboa mashimo ya kupandia. Naitrojeni kidogo itapotea hewani, lakini udongo hautabebwa na mvua.

Baada ya kufukia alingoja wiki tatu. Katika siku za mwanzo mabaki mabichi huwa na joto, na kuvu wanaosababisha kinyaushi, ule ugonjwa wa mche kulegea shingoni na kuanguka, huwa wengi mno. Sota nao hupenda kujificha humo. Miche mikubwa ya kabichi na nyanya huvumilia baada ya wiki mbili au tatu kama udongo una unyevu. Mbegu ndogo zinazopandwa moja kwa moja, kama karoti, zingoje mwezi mzima. Njia ya kujua ni kuchimba na kunusa: majani yakiwa bado yanatambulika na harufu ni ya uchachu, usipande bado; yakiwa meusi, yakisagika mkononi, na harufu ni ya udongo wa mvua, panda. Ili asipoteze muda, alisia mbegu za kabichi kitaluni wiki ileile aliyokata mukuna. Miche ilikuwa tayari karibu na mwisho wa Agosti, mvua za pili zikiwa zimeanza.

Sasa kuhusu kiasi cha mbolea alichopata, maana hapa watu hudanganywa sana. Siku ya kukata tulifunga vijiti vinne kufanya mraba wa mita moja, tukakata kila kilichokuwa ndani na kupima kwenye mizani ya dukani. Ilikuwa kilo mbili za majani mabichi. Yakikauka hubaki kama sehemu ya tano, gramu 400, na katika hizo naitrojeni ni kama asilimia mbili na nusu, yaani gramu 10. Kwa mita za mraba 500 ni kilo tano za naitrojeni, sawa na kilo 11 za yuria. Lakini zao la kwanza halipati yote. Hupata theluthi moja, pengine nusu, na sehemu iliyobaki hutoka polepole misimu inayofuata au hukaa kama rutuba ya udongo. Kwa hiyo tulimshauri apunguze yuria ya kabichi kwa theluthi, asiiache. Anayekuambia mukuna moja inatosha badala ya mbolea yote hajawahi kulima kabichi za kuuza.

Kitu kingine ambacho mimea hii haikipi ni fosforasi na potasiamu mpya. Huzichukua udongoni na kuzirudisha palepale, nawe umekuwa ukizipeleka sokoni ndani ya nyanya kwa miaka. Samadi na majivu ya jikoni bado yanahitajika. Na ukipeleka lablabu yote kwa ng'ombe, hesabu kwamba umevuna zao. Rutuba itarudi tu kama samadi ya ng'ombe huyo itarudi kwenye kipande kilekile.

Minyoofundo pia hawamaliziki kwa msimu mmoja. Mama huyo hakurudia nyanya papo hapo. Alipanda kabichi, na akang'oa magugu jamii ya nyanya kama mnavu ambayo huwahifadhi. Kama nyanya zako zilikufa ghafla zikiwa bado za kijani, na shina likikatwa na kutumbukizwa kwenye glasi ya maji linatoa uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Mukuna haiutibu, na hatutakuuzia mbegu kwa ajili hiyo.

Wateja wengine huogopa mbegu ya mukuna kwa sababu ndugu yake, upupu wa porini, unawasha. Tunayouza ni ya kulimwa, maganda yake hayana manyoya yanayowasha. Hatari yake iko kwenye mbegu: msizipike kama maharagwe na msiwape kuku wala nguruwe zikiwa mbichi, kwa kuwa zina kemikali iitwayo levodopa inayoleta kutapika na kizunguzungu. Ziwekwe mbali na watoto.

Ukishanunua mara moja, acha mimea michache ukingoni, uisimikie miti ipande juu ili maganda yasioze chini. Hukomaa polepole, hata miezi saba, lakini mimea kumi hivi iliyostawi inaweza kukupa mbegu za msimu ujao. Kwa wanaoanza, mbegu ziko dukani kuanzia Februari kwa mvua za kwanza na Julai kwa mvua za pili. Njoo na mizizi miwili mitatu ya zao lililopo, ikiwa na udongo wake, ndani ya mfuko. Kuitazama ni bure, hata kama hutanunua kitu.